Siku 14 za surua: kinga mbili za mwili zinavyogawana kazi, muda na kumbukumbu

Vipele vya surua huanza nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, hushuka shingoni, kifuani, tumboni, hata kufika miguuni baada ya siku 3 hivi. Wazazi wengi huhesabu ugonjwa kuanzia hapo. Kumbe siku vipele vinapotokea, kirusi kimekwisha kukaa mwilini kwa takriban wiki mbili, kimekwisha kuenea kwenye damu, tezi, wengu na njia ya hewa, na mtoto amekuwa akiwaambukiza wenzake kwa siku 4 zilizopita. Vipele vyenyewe ni alama kwamba seli za kinga zimefika kwenye ngozi na zinaua seli zilizoambukizwa. Mwili umeanza kushinda.

Kwa nini umechukua wiki mbili? Swali hilo ndilo mlango mzuri wa kuingilia sura moja ya vitabu vya baiolojia ambayo wanafunzi huikariri bila kuipenda: sura ya kinga ya asili na kinga ya kujifunza. Kwa kawaida hufupishwa kwa jedwali. Upande mmoja huandikwa kwamba kinga ya asili ni ya haraka, haichagui adui na haina kumbukumbu. Upande wa pili, kwamba kinga ya kujifunza huchelewa, huchagua na hukumbuka. Jedwali hilo halidanganyi sana, lakini halielezi kitu. Msomaji anabaki na maneno sita asiyojua yanahusianaje. Ukifuata surua siku kwa siku, utaona kwamba uharaka, uchaguzi na kumbukumbu ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande tatu, na chanzo chake ni jinsi kila seli inavyomtambua adui.

Tuanze na siku ya kwanza. Mtoto ameivuta hewa yenye vitone vidogo alivyokohoa mgonjwa. Vingi hunaswa na ute wa puani na kooni, na vinyweleo vidogo mno vilivyopanga kuta za njia ya hewa husukuma ute huo juu mpaka umezwe au utemwe. Hiyo nayo ni kinga ya asili, ingawa si seli inayopigana. Vitone vichache hufika chini kabisa, kwenye vifuko vya mapafu. Huko kuna makrofaji, seli kubwa ambazo kazi yake ya kila siku ni kumeza vumbi, seli zilizokufa na vijidudu. Karibu nazo ziko seli za dendriti, zenye matawi mengi, ambazo Ralph Steinman alizielezea mwaka 1973 na zikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Seli hizi hazihitaji kufundishwa. Kila makrofaji huzaliwa na vipokezi vilivyoandikwa tayari kwenye jeni, aina chache tu, na kila kimoja hutafuta kitu ambacho makundi makubwa ya vijidudu yanacho na mwili wa binadamu hauna: mafuta ya kwenye ganda la bakteria, protini za mkia wanaoogelea nao, au chembe za urithi za kirusi zikiwa mahali pasipostahili. Kipokezi hakijui kama bakteria huyu ni wa kipindupindu au wa homa ya matumbo. Kinajua kwamba huyu ni bakteria. Kwa kuwa makrofaji zote zinabeba vipokezi vilevile, hakuna haja ya kutafuta seli inayofaa. Yoyote iliyo karibu inafaa. Ndiyo maana kinga ya asili huanza kazi ndani ya dakika. Uharaka wake unatokana na kutochagua kwake.

Mtu akichomwa na mwiba, mambo huenda hivyo waziwazi. Makrofaji za mahali pale hutoa protini za kuita wenzao, mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja, mahali panakuwa pekundu, panapata joto na kuvimba. Ndani ya saa chache huwasili neutrofili kwa makundi. Uboho wa mtu mzima hutengeneza neutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na nyingi huishi siku moja au chache tu. Humeza bakteria, huwamwagia kemikali kali, kisha hufa. Usaha ni mabaki yao. Dhidi ya virusi kazi ni ya wengine: seli yoyote iliyoingiliwa hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha seli jirani zifunge mitambo ambayo kirusi hukitumia kuzaana, na seli za kuua za asili huzunguka zikimaliza seli ambazo zimepoteza alama za kawaida za usoni mwake.

Surua huipita ngome hii kwa njia mbili, na zote mbili zinafaa kujulikana. Kwanza, kirusi chake kinatengeneza protini zinazozuia seli isitoe interferoni ya kutosha na isiisikie ikitolewa na jirani. Pili, na hili ni la kustaajabisha zaidi, kirusi hiki hakikimbii seli za kinga, kinaziingia. Mlango wake wa kwanza ni protini iitwayo CD150, ambayo hupatikana juu ya makrofaji, seli za dendriti na limfositi. Kwa hiyo seli ya dendriti inapomkamata adui mapafuni na kufunga safari kuelekea kwenye tezi kutoa taarifa, inaweza kuwa imembeba akiwa hai. Siku kadhaa zinapita, kirusi kinaongezeka ndani ya tezi zilezile ambako mwili unapaswa kujiandaa, na mtoto anacheza kama kawaida. Hana homa wala kikohozi.

Safari ya seli ya dendriti ndiyo kiungo kati ya kinga hizi mbili, na ndicho kitu ambacho jedwali la kitabu hukiacha. Seli hiyo ya kinga ya asili humeng'enya adui, ikachukua vipande vidogo vya protini zake na kuvitundika juu ya uso wake. Ikishafika kwenye tezi, limfositi T hupita mbele yake moja baada ya nyingine, kila moja ikigusa na kuendelea. Ni kama mtu aliyekata kipande cha kitambaa na kuzunguka nacho madukani Kariakoo akitafuta rangi inayolingana: maduka mengi yatasema hayana, mpaka apate moja lenye nacho. Zaidi ya hapo, seli T haiwaki kwa kuona kipande peke yake. Inahitaji pia ishara ya pili, ambayo seli ya dendriti huitoa pale tu vipokezi vyake vya asili vimethibitisha kwamba kuna hatari. Bila ishara hiyo, limfositi iliyopata kipande chake hunyamaza, na mara nyingi huzimika kabisa. Hivyo kinga ya kujifunza haiamui yenyewe kuingia vitani. Ruhusa inatoka kwa kinga ya asili.

Sasa tunaweza kuona kwa nini kunachelewa. Limfositi hazina vipokezi vilivyoandikwa tayari kama makrofaji. Kila moja, wakati wa kukua, hukata na kuunga vipande vya jeni zake kwa bahati, ikapata kipokezi cha aina yake. Mwili mmoja una mamilioni mengi ya aina tofauti, na ndiyo maana unaweza kumtambua hata adui ambaye babu zetu hawakuwahi kukutana naye. Gharama ya utajiri huo ni kwamba kwa kila kipande cha adui fulani, seli zinazokifaa ni chache mno, pengine moja katika laki kadhaa. Hizo kwanza zipatikane, kisha ziongezeke.

Hesabu hii ina faida kuifanya kwa mkono, kwa namba za kukadiria. Tuseme tezi imepata seli T 100 zinazotambua kipande kimoja cha kirusi cha surua. Zikiwaka, zinakaa kama siku nzima zikijiandaa, halafu zinaanza kugawanyika, tuseme kila baada ya saa 8. Kwa siku moja zinajizidisha mara 3, yaani 100 zinakuwa 800. Baada ya siku 5 zimejizidisha mara 15, na zile 100 zimefika zaidi ya milioni 3.2. Siku za mwanzo hazina tofauti ya kuonekana. Jeshi kubwa linatokea katika siku mbili za mwisho. Ongeza muda wa safari kutoka mapafuni, muda wa kutafutana, na ucheleweshaji ambao kirusi kimeuleta kwa kuzima interferoni, na utaelewa zile wiki mbili.

Karibu na siku ya 10 homa hupanda. Macho yanakuwa mekundu na hayapendi mwanga, kamasi zinatoka, kikohozi kinaanza, na ndani ya mashavu huweza kuonekana madoa madogo meupe kama punje za chumvi, ambayo daktari mzoefu humtambua mgonjwa nayo kabla ya vipele. Homa hii ni sauti ya kinga ya asili iliyoamka kwa kuchelewa: protini zinazotolewa na makrofaji na wenzake zinafika kwenye ubongo na kupandisha kiwango cha joto. Wakati huohuo kirusi kinatoka kwenye seli za kinga na kuingia kwenye kuta za njia ya hewa kwa kupitia upande wa ndani, kwa mlango mwingine ambao ulitambuliwa mwaka 2011, kisha kinamwagika kwenye ute na kukoholewa nje. Ndiyo maana mtoto huambukiza wengine akiwa bado anaonekana ana mafua tu.

Siku ya 14 hivi seli T za kuua zinafika kwenye ngozi. Zinazikuta seli zilizoambukizwa, ambazo nazo zimetundika vipande vya kirusi juu ya uso wake, na kuziua moja moja. Vipele vinatokea. Hapa wataalamu walisaidiwa na wagonjwa wa nadra, na mimi naona ushahidi wao una uzito kuliko mchoro wowote wa kitabu. Mwaka 1952, daktari wa Marekani Ogden Bruton alimwelezea mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akiugua tena na tena kwa bakteria wa nimonia. Damu yake haikuwa na kingamwili. Watoto wa namna hiyo walipopata surua, walitoka vipele kama wenzao na wakapona. Kwa upande mwingine, mwaka 1959 John Enders, yule aliyeongoza kutengeneza chanjo ya surua, pamoja na wenzake waliripoti wagonjwa waliokufa kwa nimonia bila vipele vyovyote. Kirusi cha surua kilikutwa mapafuni mwao. Hao walikuwa na magonjwa mengine mazito, na kinga yao ilikuwa imedhoofika. Kwa hiyo mwili unaweza kuimaliza surua bila kingamwili, lakini bila seli T hauwezi. Na surua isiyo na vipele, hasa kwa mtoto mwenye saratani ya damu au VVU vilivyosonga mbele, ni ya kuogopwa zaidi.

Je, kingamwili zina kazi gani basi? Seli B, ndugu wa seli T, nazo hutafutwa, huwaka na kuongezeka, zikisaidiwa na seli T saidizi. Baadhi yake hugeuka viwanda vinavyomwaga kingamwili kwenye damu, protini zinazokishika kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kingamwili haziwezi kuingia ndani ya seli ambayo tayari imeshikwa. Hiyo ni kazi ya seli T za kuua. Zinachoweza ni kuzuia kirusi kisihame kutoka seli hadi seli, na zaidi ya yote, kukingoja mlangoni safari ijayo. Mgawanyo huu ndio moyo wa kulinganisha kazi: seli T za kuua humaliza maambukizi yaliyopo, kingamwili huzuia yatakayokuja, na seli T saidizi husukuma pande zote mbili. Seli saidizi hizo ndizo VVU huziangamiza, ndiyo maana mgonjwa aliyefikia hatua ya UKIMWI hushambuliwa na vijidudu vya kila aina.

Mpangilio wa muda wa kingamwili unatumika maabara kila siku. Za kwanza kutoka huitwa IgM. Hushika ovyo kidogo, lakini zina mikono 10 kila moja, kwa hiyo hufidia. Baadaye seli B huboresha kipokezi chake na kubadili aina, zikatoa IgG, ambayo hushika kwa nguvu zaidi na hudumu. Muuguzi anapochukua damu ya mtoto mwenye vipele ili kuthibitisha surua, maabara hutafuta IgM. Ikionekana, na kama mtoto hakuchanjwa karibuni, maambukizi ni ya sasa. Ikiwa kuna IgG tupu, ni kumbukumbu ya zamani, iwe ya ugonjwa au ya chanjo, au kwa kichanga, kingamwili alizopewa na mama. Kosa linalotokea hapa ni la muda. Katika siku 3 za kwanza za vipele, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne bado hana IgM ya kutosha kuonekana. Majibu yanarudi yakisema hana surua, na anayo. Damu ikichukuliwa siku hizo za mwanzo na majibu yakawa hapana, inafaa ichukuliwe tena siku chache baadaye.

Adui akishaondoka, jeshi huvunjwa. Kati ya seli T milioni 3.2 za hesabu yetu, zaidi ya asilimia 90 hufa ndani ya wiki chache, na lazima zife, kwa sababu seli zenye uwezo wa kuua zikizunguka bila kazi zinaweza kuumiza mwili wenyewe. Tuseme zinabaki 200,000. Hizo ndizo kumbukumbu. Hakuna picha ya adui iliyohifadhiwa mahali. Kumbukumbu ni idadi. Pale palipokuwa na seli 100 sasa pana laki mbili, na zinawaka kwa urahisi zaidi kuliko zamani. Kirusi kikirudi, seli 200,000 zinahitaji kujizidisha mara 4 tu kufika milioni 3.2, yaani saa 32 badala ya siku 5. Kwa upande wa kingamwili mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa baadhi ya viwanda vyake huhamia kwenye uboho na kuendelea kutoa IgG miaka na miaka bila kusubiri adui. Molekuli moja ya IgG haikai muda mrefu. Nusu yake hupotea kwa wiki 3 hivi. Ukimkuta mzee mwenye kingamwili za surua aliyoiugua utotoni, jua kwamba kiwanda bado kinafanya kazi.

Ushahidi wa umri wa kumbukumbu hii ulipatikana kabla mtu yeyote hajajua limfositi ni ya nini. Mwaka 1846 surua iliingia katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, na serikali ya Denmark ikamtuma daktari kijana, Peter Panum. Kati ya watu wasiofika 8,000, waliougua walizidi 6,000. Surua ilikuwa haijaonekana pale tangu mwaka 1781. Panum alizunguka vijijini akiuliza, akakuta kwamba wazee waliougua mwaka 1781 na bado walikuwa hai hawakuugua tena, hata mmoja, baada ya miaka 65. Wazee wenzao ambao hawakuwahi kuugua walilala kitandani pamoja na wajukuu. Ni Panum huyohuyo aliyehesabu siku kati ya kukutana na mgonjwa na kutoka vipele, akapata 13 hadi 14.

Tungedhani basi kwamba kuugua surua ni shule nzuri ya kinga. Si hivyo, na sababu yake iko kwenye ule mlango wa CD150. Mlango huo ni mwingi hasa juu ya limfositi zenye kumbukumbu. Kirusi kinapoenea kwenye tezi na wengu, kinaangamiza seli ambazo mtoto alizikusanya kwa miaka kadhaa: za mafua aliyowahi kuugua, za bakteria wa nimonia, za virusi vya kuhara. Mwili unajaza nafasi haraka, na hesabu ya limfositi kwenye kipimo cha damu hurudi kuwa ya kawaida ndani ya wiki chache. Hapo ndipo daktari anaweza kudanganyika, maana wingi umerudi lakini seli nyingi kati ya hizo ni mpya, zinazotambua surua tu au ambazo hazijajifunza chochote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo. Waliochanjwa hawakuonyesha upotevu huo. Takwimu za vifo za nchi zilizoendelea kabla na baada ya chanjo zinaonyesha kwamba athari hudumu miaka 2 hadi 3. Mtoto aliyepona surua hawezi kuugua surua tena, ila anakuwa mgeni kwa magonjwa aliyokwisha kuyazoea.

Wengi wa watoto wanaokufa kwa surua hufa kwa hayo mengine, nimonia na kuhara, wakati kuta za njia ya hewa na za utumbo ziko wazi na kumbukumbu imetobolewa. Tanzania ina sehemu yake katika elimu hiyo. Katika hospitali ya Mvumi, mkoani Dodoma, watoto 180 wenye surua waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Waliopewa dozi kubwa ya vitamini A walikuwa 88, wakafa 6. Ambao hawakupewa walikuwa 92, wakafa 12. Idadi ilikuwa ndogo kiasi cha kutotosha kumaliza ubishi, na tofauti ilionekana zaidi kwa wenye umri wa chini ya miaka 2, lakini tafiti zilizofuata ziliunga mkono na leo dozi mbili za vitamini A ni sehemu ya tiba ya surua. Vitamini hiyo haiui kirusi. Inahitajika kujenga upya ngozi laini ya ndani ya macho, mapafu na utumbo, yaani ile ngome ya kwanza kabisa tuliyoianzia.

Kuna neno moja katika jedwali la vitabu ambalo sasa linapaswa kusahihishwa, lile la kwamba kinga ya asili haina kumbukumbu. Chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu huchomwa begani wanapozaliwa kuwakinga na kifua kikuu kikali, imewafanya watafiti wafikiri upya. Mwaka 2012 kundi la watafiti la Nijmegen, Uholanzi, lilionyesha kwamba monositi za watu wazima waliochomwa BCG, ambazo ndizo wazazi wa makrofaji nyingi, zilijibu kwa nguvu zaidi hata zilipokutanishwa na vijidudu visivyohusiana na kifua kikuu, na hali hiyo ilikuwepo bado miezi 3 baadaye. Monositi huishi siku chache, kwa hiyo alama lazima iwe imewekwa kwenye seli mama ndani ya uboho: jeni fulani zimeachwa wazi zaidi, tayari kusomwa. Ni kumbukumbu ya namna nyingine. Haijui jina la adui, haijengwi kwa kuongeza idadi, na hufifia baada ya miezi au labda mwaka. Mimi ningeandika kwenye jedwali kwamba kinga ya asili hukumbuka kwamba kulikuwa na vita, na kinga ya kujifunza hukumbuka nani alipigana.

Haya yote yanajibu maswali mawili yanayoulizwa sana kliniki. La kwanza: kwa nini chanjo ya surua hungoja miezi 9, na kwa nini inarudiwa miezi 18? Kichanga huzaliwa na IgG za mama zilizopita kwenye kondo la nyuma. Zinamlinda, lakini zikiwa nyingi hukishika pia kirusi dhaifu cha chanjo kabla seli za dendriti hazijakipeleka kwenye tezi, na somo halifundishwi. Kufikia miezi 9 kwa wengi zimepungua vya kutosha, hivyo takriban asilimia 85 ya wanaochanjwa wakati huo hujenga kinga. Dozi ya pili ni kwa ajili ya wale 15 kati ya 100. Wazazi wengi huichukulia kuwa ni ya kukumbusha, wakaiacha wakijua ya kwanza imeshika. Hakuna anayeweza kujua kwa macho mtoto wake yumo katika kundi lipi.

La pili: mtoto ambaye hajachanjwa amelala chumba kimoja na mgonjwa wa surua, je, amechelewa? Ikiwa hazijapita saa 72 na umri wake unaruhusu, bado chanjo inaweza kumsaidia. Kirusi cha mitaani kinaanzia mapafuni, kinasafiri polepole na kinazima interferoni njiani. Kile dhaifu cha chanjo hudungwa chini ya ngozi ya mkono, hakina uwezo kama huo wa kuzima, na huanzisha darasa lake kwenye tezi mapema. Chanjo ikitangulia siku kadhaa, seli T na kingamwili zinaweza kuwa zimekwisha kuongezeka kirusi cha kweli kinapofika kwenye damu. Saa hizo 72 zikipita, kwa kichanga, mjamzito au mwenye kinga dhaifu iko njia nyingine, nayo ni kumpa kingamwili zilizochujwa kutoka damu za watu wengine, kabla siku 6 hazijaisha tangu alipokutana na mgonjwa. Kingamwili hizo za kuazima huanza kulinda siku ileile, na miezi michache baadaye zinakuwa zimekwisha, kwa sababu hakuna limfositi yake mwenyewe iliyolazimika kugawanyika.